Upande wa Friwili

Baiskeli aliyopewa Mbwana na mjomba wake ilikuwa kubwa, ya ringi 28, breki za fimbo, na keria ya chuma iliyochomelewa na fundi asiyejali uzito. Mama yake akaongeza shilingi elfu 60 kutoka kwenye kikoba, za kurudisha na elfu 6 juu. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yameshatoka tangu Januari, na hakuna mtu Makorora aliyeyauliza tena.

Alianza na juisi. Ilikuwa Juni, machungwa ya Muheza yamejaa soko la Mgandini hadi yanavingirika njiani. Alinunua 100 kwa elfu 6, akayafunga kwenye keria, akakamua kwa mkono alfajiri. Chungwa moja lilimpa kama mililita 60, kwa hiyo mia ilitoa lita 6, yaani glasi 24 za robo lita. Kwa shilingi 500 glasi, ni elfu 12. Ukitoa machungwa na barafu ya elfu 2, zinabaki elfu 4. Kwenye daftari hesabu ilipendeza.

Kufika saa sita mchana juisi ilikuwa chungu. Alikuwa akiyabana machungwa hadi ganda linalia, akiponda na kokwa, kumbe uchungu unakaa humo: kwenye kokwa na ule weupe wa ndani ya ganda. Juisi ikishakamuliwa, uchungu huo haujitokezi papo hapo. Unapanda polepole saa baada ya saa. Asubuhi mteja anakusifu, mchana anakurudishia glasi. Akajifunza kukata katikati, kutoa kokwa kwanza, na kubana nusu tu ya nguvu. Juisi ikawa tamu, lakini sasa mia ilitoa lita 5 kasoro. Na hilo wala halikuwa kubwa. Kubwa ni kwamba msimu wa machungwa Tanga kila nyumba ina tenga la machungwa uani. Nani atoe mia tano kwa kitu alichogaiwa na jirani?

"Umeuza maji mtoni, mwanangu," mama yake alisema, akamwongezea chai.

Sabuni ya maji ilikuwa wazo la binamu yake. Kwa lita 20: salfoniki kilo 1, slesi nusu kilo, soda eshi, chumvi, rangi na manukato. Salfoniki inatangulia kwenye ndoo, maji yanaongezwa kidogo kidogo huku unakoroga taratibu ili povu lisijae. Soda eshi huyeyushwa pembeni, kisha inamiminwa ili kuua ukali wa salfoniki, maana hiyo ni asidi. Hapo panatoka mapovu kama soda iliyotikiswa. Kilo 1 ya salfoniki inataka gramu kama 160 za soda eshi, na karatasi ya litmasi inakuambia umefika au bado. Mbwana alisoma kemia miaka minne. Akapima kwa kijiko cha chakula.

Ndoo ya kwanza ilibaki na asidi. Wanawake wawili wa mtaani walimwonyesha viganja vinavyochubuka. Ndoo ya pili aliisawazisha vizuri, ila ilikuwa nyepesi, akaongeza chumvi. Ikawa nzito, akafurahi, akaongeza tena. Ikawa maji. Chumvi inaitia sabuni uzito hadi kiwango fulani, na ukivuka hapo inauvunja uzito uleule. Yeye hakujua, akazidi kutia, kila mkono wa chumvi unaharibu zaidi. Lita 20 zikabaki uani kwa kufulia matambara.

Ile ndoo ya tatu, iliyofaa hasa, ndiyo iliyovunja spoku. Alikuwa amebeba chupa 40 za nusu lita kwenda Chumbageni. Alipokanyaga shimo, nyuma pakalia *ting*, kisha *ting* tena, na ringi ikaanza kugusa mpira wa breki kila mzunguko.

Mzee Kasimu wa barabara ya 12, Ngamiani, alipindua baiskeli bila kusalimiana sana.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Tazama. Zimekatika wapi?"

"Kwenye kona, karibu na habu."

"Upande gani?"

"Wa friwili."

"Basi unajua kutazama." Akampa spana ya spoku. "Watu hudhani spoku hukatika kwa kukazwa. Hukatika kwa kulegea. Kila gurudumu linapozunguka, spoku ya chini inapoteza mvuto, ya juu inavutwa. Iliyolegea inajikunja pale kwenye kona, kama waya unaoukunja na kuukunjua. Waya gani utavumilia?"

Kubadili spoku ya upande huo lazima friwili itoke, na hapo ndipo mafundi wengi wanamwambia mteja arudi jioni. Mbwana alikaa kwa mzee Kasimu wiki tatu. Aliweka chaki kwenye fremu, akazungusha gurudumu, ringi ikigusa anaona alama. Ikiegemea kulia, kaza spoku za kushoto robo mzunguko, legeza za kulia robo. Siyo nusu. Anayegeuza nusu mzunguko anahamisha kosa upande wa pili, kisha anakimbizana nalo mpaka ringi inakuwa yai.

Mafundi Ngamiani wamejaa. Asingepata mteja wa maana kuketi nao. Kilichomtoa hapo ni samaki: wachuuzi wanaonunua kwenye mwalo wa Dipsii saa kumi na moja alfajiri na kupanda baiskeli kwenda Pongwe au Amboni na tenga la kilo 60 nyuma. Spoku ikikatika saa hiyo, mabanda yote yamefungwa hadi saa mbili, na samaki hawasubiri.

Mbwana akatandika turubai karibu na mwalo saa kumi na nusu: spoku 40, nati zake, ufunguo wa friwili, spana kubwa, taa ya kichwani, kopo la grisi. Bei: spoku moja shilingi 200, kazi 500, friwili ikitoka 1,000. Siku ya kwanza alipata wateja wawili, ya nne saba.

Wiki ya pili akaona jambo. Spoku zilizokatika kwa wachuuzi zilikuwa zimeliwa kutu, na kutu ilikuwa upande uleule kila baiskeli. Akachuchumaa nyuma ya tenga moja akatazama. Barafu ilikuwa inayeyuka, maji ya chumvi yanashuka kwenye kona ya tenga, tone kwa tone, moja kwa moja juu ya habu. Angeweza kunyamaza, spoku zingeendelea kukatika na yeye kulipwa. Alipasua dumu la lita 20, akalikunja liwe sinia chini ya tenga, akatoboa kona na kuchomeka kipande cha mpira wa maji kinachomwaga nyuma ya tairi. Akauza kwa elfu 4. Spoku mpya akazipaka grisi kabla ya kuzifunga.

Mafundi wa Ngamiani walimcheka: fundi gani anaziba riziki yake? Lakini wachuuzi 19 sasa wanamlipa elfu 1 kila Ijumaa, spoku ikatike isikatike, ili akaze na kupiga grisi. Kikoba cha mama kililipwa Novemba, elfu 66 kamili. Sabuni ya uani bado anaitumia kunawia mikono, kwa sababu grisi haitoki kwa maji matupu.

"Mbwana, mimi natoka!" mchuuzi mmoja aliita, mguu mmoja ukiwa juu ya pedali, tenga likinyesha ndani ya sinia.

Mbwana aliinama, akapitisha kidole kwenye spoku za nyuma kama anayepiga kinanda. Zote zililia kwa sauti moja, isipokuwa ya tisa.

"Shuka kwanza, kaka. Dakika mbili."