Barua kwa wazazi na walezi: kitambaa cha sare za watoto wote

Morogoro, Jumatatu 7 Oktoba 2024

Wazazi na walezi wetu, habari za majukumu. Shikamooni wakubwa wangu.

Naandika kuhusu lile jambo la sare tuliloongea kwenye kikao cha Septemba, kwamba kuanzia Januari 2025 watoto wote wavae sare ya kitambaa kimoja na shule ndio inunue, kila mzazi asihangaike kivyake. Wengi mmekuwa mnanipigia simu kuuliza ni kitambaa gani, mita ngapi na kwa nini hela ni hiyo, sasa nimeona niiandike hesabu yote hapa kila mtu aisome kwa nafasi yake. Ni ndefu kidogo, mnivumilie, hela ni zenu na mna haki ya kujua inaenda wapi.

Kwanza kwa nini tununue pamoja. Mkisimama paredi asubuhi mkaangalia sketi za watoto mtaona bluu za kila aina, kuna nzito, kuna iliyokaribia zambarau, kuna iliyopauka mpaka imekuwa kijivu, na wazazi wote waliambiwa bluu nzito. Sio kosa la mzazi. Kiwandani kitambaa kinapakwa rangi kwa mikupuo, na mkupuo wa leo na wa mwezi ujao hata kama jina la rangi ni lile lile haufanani sawasawa, alafu ukichanganya na maduka tofauti ndio kabisa. Dawa yake ni jora zote zitoke mkupuo mmoja, na hilo linawezekana tu ukinunua kwa mara moja. Kuna watoto nimewaona wanasimama nyuma ya mstari kwa sababu sketi yao imepauka na wenzao wanawaangalia. Hilo linaniuma, na nataka liishe.

Kitambaa chenyewe ni tetroni, yani mchanganyiko wa poliesta na pamba. Mwalimu wa afya na mafundi tulileta sampuli nne hapa ofisini, tukakata kila moja sentimita 50, tukafua kwa sabuni ya unga mara tano na kuanika juani. Pamba tupu ilikuwa nzuri mwilini lakini ilirudi ikapungua sentimita mbili na nusu, sasa fikiria sketi ya mtoto ikirudi hivyo na bado anarefuka. Moja ilitoa rangi kwenye beseni maji yakawa bluu, tukaiweka pembeni hapo hapo. Ya tatu muuzaji alisema ina pamba, fundi akachomoa uzi akauchoma na kiberiti, ukayeyuka ukawa kidonge kigumu cheusi, hiyo ni plastiki tupu, pamba ikiungua inabaki majivu na inanuka kama karatasi. Kwa joto la Morogoro mtoto kukaa na poliesta tupu mpaka saa tisa ni mateso, anatoka vipele shingoni. Ya nne ndio tuliyoichagua, haikurudi wala haikupauka na inapitisha hewa. Kipande chake kilichofuliwa na ambacho hakijafuliwa vyote viko mezani kwangu, njooni mshike kwa mikono yenu.

Sasa hesabu. Mwakani tunategemea watoto 412, wasichana 212 na wavulana 200. Darasa la saba waliofanya mtihani Septemba hawamo, na wale wadogo wa awali walioandikishwa wapya wamo. Kila mtoto anapata shati nyeupe mbili na sketi au suruali moja ya bluu nzito. Shati mbili kwa sababu nyeupe haikai siku mbili safi, kila mama anajua.

Kitambaa tunachonunua kina upana wa inchi 60, kama mita moja na nusu hivi. Naomba hapo muelewe vizuri maana ndipo watu wanapochanganyana. Kuna wazazi wameambiwa na fundi wao wa mtaani kwamba shati la mtoto wa la nne linataka mita moja na nusu na zaidi, na fundi hajadanganya, yeye anapigia hesabu kitambaa cha inchi 45. Kwa inchi 60 zinaingia mita chache.

Kwa shati, mtoto wa awali mpaka la pili anatumia sentimita 90, la tatu mpaka la tano mita 1.1, la sita na la saba mita 1.4. Wadogo wako 138, wa kati 172, wakubwa 102, kwa hiyo shati moja moja kwa wote ni mita 456.2, na mbili mbili ni mita 912.4. Tukiongeza asilimia 5 ya makosa ya kukata na sehemu zenye kasoro tunafika mita 958. Jora moja ni yadi 50, na yadi sio mita, ni pungufu kidogo, yadi 50 ni mita 45.72. Ukienda dukani ukidhani jora ni mita 50 utarudi umepungukiwa mita nne na zaidi kwa kila jora, na kwa mzigo wetu huu ni karibu mita 90, mashati ya darasa zima. Kwa hesabu hiyo tunahitaji jora 21 nyeupe.

Kwa bluu, sketi ni vipande viwili vya urefu wake, mbele na nyuma. Wadogo wanakula mita 1, wa kati 1.3, wakubwa 1.6. Mbona nyingi? Ni marinda, kila rinda linakunjwa kitambaa mara tatu, na hapo ndani kuna upindo wa inchi tatu ili mtoto akirefuka mzazi ufumue tu ushushe, usinunue nyingine. Kwa wavulana kaptula za wadogo ni sentimita 60, wa kati 80, na la sita na la saba wanavaa suruali ndefu mita 1.2, nazo zina upindo. Jumla sketi ni mita 270.8 na za wavulana 165.6, ukiweka na ile asilimia 5 ni mita 458.2. Jora 10 zinatoa mita 457.2, tunapungukiwa mita moja, kwa hiyo tutakatiwa mita mbili dukani badala ya kununua jora zima la kumi na moja likae stoo linaliwa na panya.

Bei tulizopata Kariakoo kwa jumla, jora nyeupe ni sh. 190,000 na bluu sh. 275,000. Nyeupe inakuwa 3,990,000, bluu 2,750,000 na zile mita mbili 13,000. Vifungo ni saba kwa kila shati, sita vya kushonea na kimoja cha akiba kinashonwa ndani pembeni, ni grosi 41 kwa 246,000. Zipu 280 ni 112,000, wadogo hawana zipu, wao ni lastiki tupu ili wakienda chooni wasisumbuke. Lastiki, uzi na kitambaa kigumu cha kola 300,000. Nauli na kusafirisha mzigo 120,000, mimi na mjumbe mmoja wa kamati ya wazazi tutaenda na treni ya SGR asubuhi tukarudi jioni, mzigo utakuja na gari. Yote ni sh. 7,531,000.

Kwa hiyo kila mtoto ni sh. 18,500 ya kitambaa na vifaa. Mkizidisha mtaona inazidi sh. 91,000, hiyo haiendi popote, ni ya kurekebishia sare za watoto zitakazobana au kupwaya, na ikibaki nitaisoma kwenye kikao. Mshono ni sh. 13,000, shati elfu nne nne na sketi au suruali elfu tano, ni mafundi wanne wa hapa Kihonda, wawili kati yao ni wazazi wa hapa shuleni, nalisema wazi lisije likasemwa pembeni, na bei yao ni moja na wale wengine. Jumla ni sh. 31,500 kwa mtoto.

Najua kuna atakayeuliza kwa nini mtoto wa awali alipe sawa na wa la saba wakati kitambaa ni kidogo. Kamati ililijadili muda mrefu. Mtoto wa awali atakuja kuwa wa la saba, na wazazi wengi wana watoto wakubwa na wadogo hapa hapa, tukaona bei moja inaondoa maneno. Kama bado una hoja njoo tuongee, mlango uko wazi.

Wasichana wanaovaa hijabu walioandikishwa ni 38, kila mmoja anahitaji mita moja ya ile nyeupe. Tunaongeza jora moja la 22, kila mzazi anaongeza sh. 5,000 na mshono wake mafundi wamesema hawatozi, ni kupinda ukingo tu. Kama mtoto wako hayumo kwenye hao 38 na anavaa, nijulisheni mapema tafadhali.

Vipimo tunachukua Jumanne tarehe 15 mpaka Ijumaa tarehe 18 Oktoba, Jumatatu ni Nyerere Dei hakuna shule. Siku hizo mtoto asivae sweta wala kitu kinene ndani. Wale wa awali ambao bado wako nyumbani waleteni Ijumaa asubuhi.

Ile 18,500 iwe imeingia kabla ya Ijumaa tarehe 1 Novemba kwa sababu Jumamosi tarehe 9 tunaenda kununua, na tukinunua nusu mwezi huu na nusu mwezi ujao ndio tunarudi kule kule kwenye bluu mbili. Ya mshono mnaweza kulipa siku ya kuchukua nguo, tarehe 6 mpaka 10 Januari, mtoto ajaribishe hapo hapo fundi akiwepo. Lipeni kwenye akaunti ya shule ile ile ya ada, andikeni jina la mtoto na darasa, alafu leteni risiti ofisini mpate stakabadhi. Msitume hela kwenye namba ya simu ya mtu yeyote, hata akisema ametumwa na mimi.

Mzazi ambaye mambo yamebana, usikae kimya ukamfungia mtoto nyumbani. Njoo uniambie mwenyewe, tunapanga kidogo kidogo, na kitambaa cha mtoto wako kitanunuliwa pamoja na cha wenzake siku ile ile. Hatutamtangaza mtu.

Sare za sasa msizitupe. Zilizo nzima zileteni zimefuliwa, tutaziweka akiba ya mtoto anayechafuka katikati ya siku.

Wenu,
Mhasibu wa shule

Nipo ofisini kila siku saa mbili asubuhi mpaka saa tisa na nusu, Jumamosi mpaka saa sita mchana.