Kuulizia maombi niliyoyaleta kwa mkono: fundi wa viyoyozi, Kiwengwa

Alhamisi, 15 Mei 2025, saa 3:10 asubuhi

Assalaamu alaykum Bi Rukia.

Mimi ni Haji Vuai wa Mkwajuni. Jumatatu tarehe 12, baina ya saa 4 na saa 5 asubuhi, nilifika hapo hotelini kuleta barua ya maombi na wasifu wangu. Mlinzi aliniambia uko kwenye kikao, kwa hivyo nilimkabidhi kijana wa mapokezi. Ni bahasha ya kaki, juu nimeandika kwa kalamu ya buluu "Ofisi ya Utumishi, Fundi wa Viyoyozi". Yeye ndiye aliyenipa namba hii, akaniambia niulizie baada ya siku tatu.

Kwanza nataka kujua kama imekufikia. Siku ile mvua ilinishika Kinyasini nikingoja gari ya Kiwengwa, na pembe moja ya bahasha iliingia maji. Kama karatasi zimegandana au wino umetawanyika, niambie tu. Nakala ninayo, nitaileta Jumamosi.

Pili, kuna jambo sikulieleza kwenye wasifu, na nimelifikiria tangu nilipotoka hapo. Niliandika kuwa nimemaliza mafunzo ya friji na viyoyozi Mkokotoni mwaka 2022, kisha nikafanya kazi miaka 2 kwenye karakana mjini. Sikusema kuwa mwaka wa pili karibu wote nilikuwa natumwa kwenye nyumba za wageni za Matemwe na Pwani Mchangani. Mashine ya pwani haina maradhi sawa na ya mjini. Kusi likivuma, chumvi inakaa kwenye mapezi ya alumini ya mashine ya nje na kuyala kidogo kidogo. Joto linakosa pa kutokea, kompresa inalemewa, na chumba hakipoi. Hapo mara nyingi anaitwa mtu wa kuongeza gesi. Lakini gesi haiishi kwa kutumika. Ikipungua, ina pahala inavuja. Mimi nimefundishwa kutafuta tundu kwanza, nilizibe, nivute hewa yote kwa pampu, ndipo nitie gesi kwa mizani kama ilivyoandikwa kwenye kibati cha mashine.

Nayaandika haya kwa sababu nilipokuwa nangoja getini niliona vyumba vyenu vya mbele vinatazama bahari moja kwa moja. Mashine za upande huo zikioshwa kwa maji baridi (si ya kisima chenye chumvi) sasa hivi, kabla kusi halijakolea na wageni hawajajaa, zinapona nyingi. Kazi hiyo naiweza na naipenda.

Nashukuru kwa muda wako. Napatikana kwa namba hii wakati wowote, isipokuwa saa za sala.

Haji Vuai
Mkwajuni

Alhamisi, 15 Mei 2025, saa 9:42 alasiri

Wa alaykum salaam Haji. Bahasha nimeipata, imerowa pembeni lakini inasomeka yote. Ujumbe wako nimemsomea Bwana Makame, mkuu wa matengenezo. Ana suali moja: umeshafanya kazi na R32? Mwaka jana tumebadilisha mashine za vyumba 14 na zote ni za gesi hiyo. Na mimi nina langu: cheti sikukiona ndani ya bahasha.
Rukia

Alhamisi, 15 Mei 2025, saa 11:05 jioni

Ahsante sana Bi Rukia, nimefurahi kusikia karatasi zimesalimika.

Naomba umfikishie Bwana Makame jibu hili. Mashine za R22 na R410A nimezifungua, nimezitengeneza na nimezifunga mwenyewe mara nyingi. Za R32 nimefanya tatu tu, na zote nilikuwa na fundi mkubwa wangu pembeni. Sitaki nijisifu kwa nisichokijua, akaja kunikuta ninababaika juu ya ngazi. Ninachokijua ni kuwa R32 inaweza kushika moto, kwa hivyo sichomei bomba lenye mabaki yake. Naikusanya gesi kwenye mtungi wake, napitisha naitrojeni, chumba kikiwa wazi na hewa inapita, na hapana mtu anayevuta sigara karibu. Geji na mtungi wa gesi nyingine sichanganyi nayo. Yaliyobaki niko tayari kujifunza kwake.

Cheti nilikiacha nyumbani kwa kuogopa mvua, na ni kosa langu kutoweka hata kivuli chake. Nimekipiga picha, nakituma sasa hivi pamoja na kitambulisho changu cha Mzanzibari Mkaazi. Cha asili nitakuja nacho siku mtakayoniita.

Haji

Alhamisi, 22 Mei 2025, saa 3:00 asubuhi

Assalaamu alaykum Bi Rukia, habari za kazi.

Ni Haji wa Mkwajuni, fundi wa viyoyozi. Wiki imetimia tangu nilipokutumia picha ya cheti, na naona alama kuwa ilifika. Najua mwezi huu mnatayarisha vyumba na shughuli ni nyingi, kwa hivyo sikutaka kukupigia simu.

Naulizia tu kama nafasi bado ipo. Kama ameshapatikana mtu, nitashukuru kuambiwa, kwa sababu kuna kazi ya mwezi mmoja nimeitiwa mjini na wanataka jibu Jumamosi. Moyo wangu uko hapo kwenu zaidi. Ni karibu na nyumbani, mama yangu hayuko vizuri kiafya na mimi ndiye ninayempeleka kliniki Kivunge. Na kazi ya kutunza mashine zile zile mwaka mzima, ukaona matunda ya ulichokifanya, ndiyo niliyoisomea.

Kama Bwana Makame anataka kuniona mkono kwanza kabla ya kuamua, nitakuja siku yoyote atakayoitaja.

Haji

Alhamisi, 22 Mei 2025, saa 7:20 mchana

Wa alaykum salaam. Nisamehe Haji, jibu lilikuwa kwangu na limechelewa. Nafasi ipo. Bwana Makame anasema uje Jumanne tarehe 27, saa 2 asubuhi, akupe mashine mbili za upande wa bahari akutazame. Moja haipoi, nyingine inadondosha maji chumbani. Siku hiyo ni ya majaribio, haina malipo, lakini nauli tutakurejeshea na chakula cha mchana utakula na wafanyakazi. Pole na mama.
Rukia

Alhamisi, 22 Mei 2025, saa 7:51 mchana

Alhamdulillahi, ahsante sana Bi Rukia. Jumanne saa 2 nitakuwa getini inshaallah, na wale wa mjini nitawaambia leo hii wasinitegemee.

Nitakuja na cheti cha asili, geji zangu, mita ya umeme na spana. Pampu ya kuvutia hewa na mizani sina, ni vya karakana. Kama vipo hapo, naomba Bwana Makame aniwekee. Ile inayodondosha maji, wasiifungue mpaka nije: huenda ni bomba la kutolea maji limeziba tu, na nitataka kuona linavyomwagika. Ile isiyopoa naomba iwashwe tangu saa 1 na nusu, nikifika niipime ikiwa imeshafanya kazi.

Mama amesema ahsante kwa pole, anakusalimu.

Haji