Orodha ya mwisho kabla ya kuchapisha: makala ya mwaka mrefu

Kwa atakayebonyeza "Chapisha" leo jioni. Tia alama baada ya kuona kwa macho yako. "Nadhani iko sawa" haihesabiki.

Ukweli (hapa usiharakishe)

☐ Aya ya 1 inasema mwaka mrefu huja kila baada ya miaka 4. Haitoshi. Mwaka unaogawanyika kwa 100 si mrefu, ila ukigawanyika pia kwa 400. Ndiyo maana 2000 ulikuwa mrefu, 1900 haukuwa, na 2100 hautakuwa.

☐ Aya ya 3: mwaka wa jua ni takriban siku 365.2422, si 365.25. Tofauti ni kama dakika 11 tu kwa mwaka, lakini makala yote imejengwa juu ya dakika hizo.

☐ Aya ya 5: 4 Oktoba 1582 ilifuatwa na 15 Oktoba, kwa hiyo siku zilizorukwa ni 10. Rasimu ina 11. Bila shaka mwandishi amechanganya na Uingereza, iliyoruka siku 11 mwaka 1752.

☐ Maelezo ya picha yanamtaja Papa Gregori XII. Ni XIII.

Viungo

☐ Fungua kila kiungo kwenye dirisha la faragha. Kile cha aya ya 6 kinakwenda kwenye rasimu yetu ya ndani: sisi tunaiona, msomaji ataombwa nywila.

☐ "Bonyeza hapa" iondoke. Kiungo kibebwe na maneno yanayosema kinakokwenda.

Mpangilio

☐ Vichwa vidogo vyote viwe ngazi moja, tarehe ziwe mtindo mmoja, nafasi mbilimbili zifutwe. Dakika tano zinatosha.

Metadata

☐ Anwani bado ni `/mwaka-mrefu-rasimu-2`. Iwe `/mwaka-mrefu`, na ibadilishwe sasa. Ikishasambaa, kila badiliko litadai uelekezaji.

☐ Muhtasari wa utafutaji umejichukulia aya ya 1 na kukatika katikati ya neno. Weka huu: "Kwa nini 2000 ulikuwa mwaka mrefu na 2100 hautakuwa? Kanuni nzima, pamoja na siku 10 zilizorukwa mwaka 1582."

☐ `alt` ya picha ieleze kinachoonekana. Sasa imeandikwa "IMG_0412".

☐ Ondoa `noindex` iliyowekwa wakati wa majaribio. Ikibaki, ukurasa utafunguka vizuri kabisa ila injini za utafutaji hazitauorodhesha, na hakuna atakayegundua mapema.

Simu

☐ Tumia simu yenyewe. Kubana dirisha la kompyuta hakuonyeshi kila kitu. Jedwali lina safu 5, na kwenye skrini nyembamba safu ya mwisho inapotea. Hiyo ndiyo yenye jibu: "mrefu" au "si mrefu". Isogezwe iwe ya pili, na safu ya "maoni" ifutwe, haina kazi.

☐ Igeuze simu ilale, kisha isimame tena. Picha ya juu isifunike kichwa cha habari.

☐ Jitumie kiungo cha majaribio kwenye WhatsApp, uone kama picha na kichwa vinatokea.