Mapitio ya Katikati ya Mpango wa Ushirikiano wa Shule na Jamii, 2024–2026

Kwa: Bodi ya Usimamizi na Chama cha Wazazi, shule ya msingi ya umma, kisiwa cha Pate, Kaunti ya Lamu
Kutoka: Timu ya mapitio (wazazi watatu, mwalimu mmoja, mzee wa kijiji)
Julai 2025

1. Tulichotumwa

Bodi ilitutaka tueleze kwa nini wazazi hawashiriki. Baada ya kupitia madaftari na kuzungumza na watu nyumbani, bandarini na jikoni mwa shule, tumeona wazazi wanashiriki sana. Kipimo kilichotumika ni daftari la mahudhurio peke yake, na daftari hilo humjua aliyekuja kukaa kitini tu.

2. Majukumu ya kamati ya wazazi

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iko wazi: kamati tendaji ina mwakilishi wa kila darasa na walimu wawili, huchaguliwa katika mkutano mkuu wa mwaka, na mwenyekiti pamoja na wajumbe wawili huingia kwenye Bodi. Hilo limetimizwa.

Kazi zenyewe ndizo zilizokaa upande mmoja. Mwenyekiti ndiye aitishaye kikao, afuataye fundi, apokeaye malalamiko na, tangu mweka hazina ahamie Mombasa, ashikaye pesa. Hatumtuhumu, hesabu tulizoziona zimekaa sawa. Lakini mtu mmoja kushika mfuko na kusimamia matumizi yake si utaratibu, hata awe mwaminifu vipi. Wawakilishi wa madarasa wengi walituambia hawajui kazi yao zaidi ya kupeleka habari za kikao.

3. Kumbukumbu za vikao

Vikao 8 vilipangwa hadi mwisho wa muhula wa kwanza mwaka huu; vilifanyika 6. Kumbukumbu za vinne zimo daftarini, mbili ni karatasi zilizokunjwa ndani ya faili la mwalimu mkuu.

Katika kikao cha Juni 2024 kumeandikwa: "Mzazi mmoja alitaka kujua hesabu ya fedha za uji. Alijibiwa." Basi. Alijibiwa nini, na nani, hakuna ajuaye. Kikao kilichofuata hakina "yatokanayo" kabisa, kwa hiyo swali likafia hapo. Tulimpata mama aliyeuliza. Bado anangoja, na tangu siku hiyo hahudhurii. Daftari limemhesabu kuwa mzazi asiyeshiriki, ilhali ndiye aliyesimama akauliza.

Jambo jingine: kumbukumbu zote za 2024 ni za Kiingereza, na wazazi tuliozungumza nao hawajawahi kuzisoma.

4. Viashiria vya ushiriki

Kiashiria cha mpango ni nusu ya kaya 214 kuhudhuria kila kikao. Februari 2024 zilikuja kaya 48, karibu zote kina mama. Juni zilikuja 131. Ripoti ya mwaka ikasema hamasa imepanda. Sisi tunasema kusi ilikuwa imeshika na vyombo vimefungwa. Februari ni kaskazi. Wavuvi wako dago, na wakati wa bamvua hata waliobaki hushinda baharini. Anayepanga kikao bila kutazama maji asiwalaumu watu.

Haya hayakuhesabiwa popote:

- Jabia la shule lilisafishwa na kupakwa lipu kabla ya masika 2025. Mafundi wawili na vijana walifanya kazi siku nne bila malipo. Waliodai ni wenye punda waliobeba mchanga, nao walilipwa nusu.
- Kina mama hupika uji wa gredi ya 1 hadi ya 3 kwa zamu, kila siku ya shule. Orodha ya zamu imebandikwa mlangoni mwa jiko, na ndiyo rekodi iliyotunzwa vizuri kuliko zote shuleni hapa.
- Walimu wa madrasa wamesogeza saa za jioni ili watoto wamalize kazi za nyumbani.

5. Tunayopendekeza

Mweka hazina achaguliwe Septemba. Hadi hapo, pesa zitoke kwa sahihi mbili, moja ya mwalimu.

Kumbukumbu ziandikwe kwa Kiswahili, zibandikwe ubaoni ndani ya wiki moja. Kila swali liwe na jina la wa kulijibu na tarehe, na kila kikao kianze na yatokanayo. Mzazi asiyetaka jina lake liandikwe asilazimishwe.

Vikao viwe siku za maji mafu, baada ya alasiri. Katibu aafikiane na nahodha mmoja kabla ya kutangaza tarehe.

Viashiria vipya ni vitatu: zamu za uji na kazi za mikono zilizofanyika, maswali ya wazazi yaliyopata jibu kabla ya kikao kinachofuata, na wazazi waliofika kuzungumza na mwalimu wa darasa angalau mara moja kwa muhula. Mahudhurio yaendelee kuandikwa, kina baba na kina mama mbalimbali, pamoja na hali ya bahari siku hiyo.

Hesabu ya uji tangu Januari 2024 isomwe kikao cha Septemba, na mama aliyeuliza aalikwe kwa barua.