Barua kwa Shangazi: nisage unga au nilee vifaranga?

Kihonda, Morogoro
9 Februari 2025

Shangazi mpendwa,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Huku sote wazima. Bibi naye hajambo, mguu umeanza kukubali, jana alifika mwenyewe barazani akaanza kugombana na wauza mboga kama zamani. Nimeona nikuandikie nimpe kaka aje nayo kwa treni, maana kwenye simu huwa unanijibu huku unamkunjulia mteja vitenge, na sasa Ramadhani inakaribia ndiyo hutashikika kabisa. Hili langu linataka uwe umefunga duka na umekaa.

Tangu nivae joho pale chuoni SUA Novemba, maombi ya kazi nimeshapeleka kila palipotangazwa. Nisikuchoshe na habari hizo. Nina shilingi 2,300,000 nilizoweka kutokana na vibarua vya hapa na pale, na nina mawazo mawili ya biashara. Fedha inatosha moja tu. Sikuombi mtaji, Shangazi. Nataka uniambie ipi inanifaa mimi, kwa jinsi unavyonijua tangu nilipokuwa naja kwako Kariakoo kila likizo.

La kwanza ni unga wa lishe. Hili ndilo nililolisomea. Unajua unga unaouzwa mitaani, watu wanatupia humo mahindi, mchele, karanga, ulezi, soya, hata dagaa, wanasema ndiyo lishe yenyewe. Karanga zikishasagwa mafuta yake yanaharibika upesi, baada ya wiki chache uji unatoa harufu na mtoto anaukataa. Tena karanga na mahindi yaliyokaushwa vibaya ndiyo makazi ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Na soya isipopikwa vizuri kabla ya kusagwa, tumbo la mtoto haliwezi kuitumia protini yake sawasawa. Wa kwangu ungekuwa wa vitu vitatu tu: mahindi, ulezi na soya iliyochemshwa, ikaanikwa na kukaangwa. Karanga mama aziweke mwenyewe wakati wa kupika. Nimeshatengeneza kidogo jikoni kwa mama, majirani wenye watoto wamenunua na wawili wamerudi. Mama anasema nyumba nzima inanuka soya.

Hesabu yake ni hii. Kilo moja inanigharimu kama 2,300, ukijumlisha nafaka, kusagisha, mfuko na lebo. Duka linachukua kwa 3,500. Mashine sinunui, nitasagisha kwa watu, nikisimama pale kuhakikisha wameisafisha kwanza. Halafu kuna karatasi: jina la biashara BRELA, TIN, barua ya utambulisho ya SIDO, kisha TBS, ambao ndio wanaosajili vyakula tangu 2019. Hayo hayanitishi. Kujaza fomu na kufuatilia ofisini naweza, na wewe uliwahi kusema daftari langu la stoo ni safi kuliko la mhasibu wako.

Kinachonitisha ni wenye maduka. Nimezunguka hapa Kihonda na kule soko la Kingalu, karibu wote wimbo wao mmoja: lete, ikiisha njoo uchukue hela yako. Mali kauli. Shangazi, unanijua. Unakumbuka yule mama aliyechukua doti za sare ya harusi, ukanituma nikamdai, nikaenda, akanikaribisha chai, nikanywa chai nikarudi mikono mitupu? Ulicheka mpaka ukakaa chini. Sasa fikiria maduka 20 yenye hela yangu, na mimi nazunguka nakunywa chai.

La pili ni vifaranga vya chotara, Kuroila au Saso. Nawachukua wa siku moja, nawalea mpaka mwezi mmoja, nauza kwa wanaotaka kufuga lakini wanaogopa kipindi kile cha mwanzo ambacho ndicho kinaua. Wakifika mwezi wameshapata chanjo za mwanzo, ya kideri siku ya 7, ya gumboro siku ya 14 na marudio yake, na wanaweza kuvumilia baridi kidogo. Kwa vifaranga 500, kila kimoja 2,000, ni 1,000,000. Chakula kama mifuko 10 ya kilo 50, 750,000. Mkaa, maranda na chanjo 150,000. Nikipoteza 30 na nikauza waliobaki 470 kwa 5,500, inaingia 2,585,000, yaani faida 685,000 kwa mzunguko mmoja. Banda lipo: ile stoo ya marehemu babu, bibi ameshaniruhusu ila baiskeli yake isiguswe.

Uzuri wake, mtu anakuja na tenga, anahesabu, analipa, anaondoka. Hakuna kudaiana. Kuipata faida hiyohiyo kwenye unga lazima niuze kama kilo 570 kwa mwezi na zote zilipwe.

Ila vifaranga havina usingizi. Wiki ya kwanza joto lishuke kidogo tu, wanakimbilia kona moja, wanalaliana, wa chini wanakosa hewa. Jirani yetu wa nyuma jiko lilimzimikia usiku, asubuhi tukamkuta anawaokota kwa ndoo. Hakulia, alikuwa anahesabu tu kwa sauti. Kuamka usiku mimi si shida, bibi alipoumwa nilikuwa naamka kila saa. Shida yangu ni kwamba hela yote inakuwa imelala chumba kimoja, na sijui moyo wangu ungefanyaje asubuhi kama ile. Unga ukiharibika, unaharibika mfuko mmoja mmoja.

Baba anasema nichukue vifaranga, kwa sababu anaona hela. Mama anataka unga, kwa sababu haoni kwa nini nisome sayansi ya chakula nikaishie kufagia maranda. Wote wanasema kweli, lakini hakuna kati yao aliyewahi kuniona nikisimama mbele ya mteja. Wewe umeniona. Hivyo nakuuliza waziwazi: kudai ni kitu ambacho mtu anajifunza, au ulipokuwa na umri wangu ulikuwa tayari unacho? Kama kinafundishika, nitaingia kwenye unga, maana huo ndio naupenda. Kama unaona mimi wa chai nitabaki wa chai, sema tu, sitanuna, nitaenda kwenye vifaranga na unga nitausaga baadaye nikiwa na hela ya kumlipa mtu wa kudai.

Kuna pia ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, lile fungu la asilimia 4 la vijana, lakini inataka kikundi, na wewe nakumbuka ulivyosema kuhusu biashara ya kikundi. Kwa hiyo nimeiweka pembeni kwanza.

Wakala wa vifaranga anapokea oda na malipo ya awali mpaka tarehe 22 mwezi huu. Kaka anarudi Jumapili ya tarehe 16, ukimpa jibu hata la mistari miwili kwenye risiti ya duka litanitosha. Nimekuwekea kilo mbili za unga kwenye begi lake. Upike, uonje, na usinisifie kwa sababu ni wangu.

Wasalimie wote nyumbani, na wale dada wa dukani.

Mwanao,
Rehema

N.B. Mama anauliza kama zile shungi nyeupe za mwaka jana zimeingia tena. Anataka mbili, na anasema hizo atalipa taslimu.