Kushuka kwa kiwango cha kazi yako na tarehe ya mapitio

Kwa: Bw. Hamisi, Karani wa Nyaraka za Forodha
Kutoka: Khadija, Meneja wa Idara ya Nyaraka
Nakala: Ofisi ya Rasilimali Watu
Tarehe: Jumatano, 12 Novemba 2025
Mada: Onyo la kwanza kuhusu utendaji kazi, mapitio 15 Desemba 2025

Bw. Hamisi,

Nakuandikia kufuatia mazungumzo yetu ya juzi Jumatatu ofisini, ili yaliyosemwa kwa mdomo yawe pia kwenye maandishi. Kati ya 1 Septemba na 7 Novemba ulitayarisha entri 46. Kati ya hizo, 9 zilirudishwa au zikahitaji kurekebishwa baada ya kutumwa kwenye iCMS. Machi na Aprili mwaka huu ulitayarisha entri 41 na zilizorekebishwa zilikuwa 2. Kazi unaijua, na ndiyo sababu siwezi kuyachukulia haya kama makosa ya mtu mgeni.

Nitataja matukio matatu ambayo faili zake ziko mezani kwangu. Unaweza kuzipitia wakati wowote.

La kwanza ni la Jumanne, 9 Septemba. Namba ya kontena kwenye entri haikulingana na ile ya hati ya shehena, kwa kuwa tarakimu mbili za katikati zilipishana. Mzigo haukuweza kuachiliwa mpaka marekebisho yalipokubaliwa, na mteja akasubiri siku 4. Kosa hili huonekana kabla ya kutuma, maana tarakimu ya mwisho ya kila namba ya kontena ni ya uhakiki, inakokotolewa kutokana na herufi 4 na tarakimu 6 zinazoitangulia. Chukua namba ya mfano inayotumika kufundishia, CSQU 305438 3. Ukiandika 304538 badala ya 305438, hesabu inatoa 1 wala si 3, na hapo unajua umekosea. Karatasi ya kukokotolea iko kwenye kompyuta yako, na kuitumia hakuchukui hata dakika moja. Tulipoifungua Jumatatu tuliona haijatumika tangu Agosti.

La pili ni la Alhamisi, 16 Oktoba, na ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Mzigo wa matairi uliingizwa chini ya 4011.10, ambayo ni ya matairi mapya ya magari madogo. Orodha ya vifurushi ilionyesha wazi saizi 315/80R22.5. Rimu ya inchi 22.5 ni ya lori au basi, kwa hiyo mahali pake ni 4011.20. Tairi la gari dogo lingesomeka mfano wa 195/65R15. Ulieleza kwamba ulinakili entri ya awali ya mteja huyo huyo, iliyokuwa kweli ya magari madogo. Maelezo hayo nayakubali kuwa ya kweli, lakini hayatoshi. Kunakili entri ya zamani kunaokoa muda kwenye jina na anwani ya mteja tu. Bidhaa lazima isomwe upya kutoka kwenye ankara na orodha ya vifurushi vya mzigo ulio mbele yako. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inahesabu maelezo ya uongo kwenye entri kuwa kosa, na afisa wa forodha anapoona bidhaa imewekwa mahali pasipo pake haanzi kwa kudhani ni bahati mbaya. Leseni yetu ndiyo inayobeba mzigo huo, na pamoja nayo riziki ya kila mtu katika ofisi hii.

La tatu ni ucheleweshaji. Nyaraka zote za kontena la vigae zilikufikia Jumatatu, 27 Oktoba, zikiwa kamili, pamoja na IDF. Meli ilitia nanga Ijumaa, 31 Oktoba. Entri ilitumwa Jumatano, 5 Novemba, na kontena likatoka getini Jumatatu, 10 Novemba, siku za bure zikiwa zimekwisha. Gharama za kuhifadhi bandarini pamoja na malipo ya kuchelewesha kontena la kampuni ya meli zilifika Sh41,600. Tumezilipa sisi, maana kumtoza mteja kwa siku tulizozipoteza wenyewe kungekuwa dhuluma.

Kuna pia suala la kutojibu wateja. Wawili walinipigia mimi mwezi wa Oktoba baada ya kukaa siku 3 bila jibu lako.

Natambua kwamba wiki mbili za Oktoba ulibeba sehemu ya kazi za Bi. Zainabu alipokuwa likizoni. Nimelitia hilo kwenye hesabu: entri 3 kati ya zile 9 ni za kipindi hicho. Sita zilizobaki si za kipindi hicho.

Kuanzia kesho, kiwango ninachokitarajia ni hiki. Entri itumwe ndani ya siku 2 za kazi tangu nyaraka kukamilika. Kama kuna hati inayokosekana, mteja aandikiwe siku hiyo hiyo na kutajiwa ni hati gani. Kabla ya kutuma, ujaze na kusaini karatasi ya uhakiki yenye mambo manne: namba ya kontena pamoja na tarakimu ya uhakiki; namba ya ushuru ikilinganishwa na maelezo ya ankara; thamani ikiwa imejumuisha bei ya mzigo, nauli ya meli na bima; uzito na idadi ya vifurushi vikilingana na hati ya shehena. Nauli ichunguzwe kwa makini pale ankara inapokuwa ya FOB, kwa sababu hapo haimo ndani ya bei na ndipo husahaulika. Marekebisho yasizidi entri 1 katika kila 20. Baruapepe za wateja zijibiwe kabla ya saa 11 jioni ya siku ya kazi zilipoingia. Zinazoingia baada ya saa 9 alasiri zinaweza kungoja hadi saa 4 asubuhi ya siku ya kazi inayofuata.

Kwa upande wetu, Bi. Zainabu atapitia kila entri yako kabla haijatumwa hadi Jumatano, 26 Novemba. Siku hiyo tutakutana saa 3 asubuhi tuone hali ilivyo. Alhamisi, 20 Novemba, mchana wote nimekutengea muda wa kupitia nami upangaji wa bidhaa kwenye jedwali la ushuru, na tutaanza na sura ya 40. Hutapewa wateja wapya katika kipindi hiki.

Mapitio rasmi yatakuwa Jumatatu, 15 Desemba 2025, saa 4 asubuhi, ofisini kwangu. Tungekutana Ijumaa ya tarehe 12 lakini ni Sikukuu ya Jamhuri. Tutaangalia entri zote utakazotuma kuanzia kesho hadi 11 Desemba. Kiwango kikifikiwa, nitakuandikia kufunga suala hili. Kisipofikiwa, litapelekwa kwenye kikao cha kusikilizwa kwa mujibu wa kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007, ambapo utaelezwa sababu kwa lugha unayoielewa, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama utakayemchagua, na utetezi wako utasikilizwa kabla ya uamuzi wowote. Uamuzi huo unaweza kufikia kusitishwa kwa ajira.

Kama kuna tarehe au kiasi nilichokikosea hapa, au kuna jambo la nyumbani au la afya linalokuzuia kufanya kazi kama ulivyozoea, niandikie au uje tuzungumze. La faragha litabaki la faragha. Naomba jibu lako la maandishi kufikia Jumatatu, 17 Novemba, saa 6 mchana. Jibu hilo litawekwa kwenye faili lako pamoja na barua hii.

Wako katika kazi,

Khadija
Meneja wa Idara ya Nyaraka
Mombasa