Mazoezi ya Nyumbani kwa Anayeanza Kabisa

Slaidi ya 1
HUJAWAHI KUFANYA MAZOEZI? ANZIA HAPA
Kiti, ukuta na mkeka, basi. Dakika 15 tu sebuleni kwako, jimu utaenda ukitaka.
Swaipu taratibu 👉🏾

Slaidi ya 2: Subiri kwanza
Una presha, sukari, tatizo la moyo, una mimba, umejifungua karibuni au umefanyiwa operesheni? Ongea na daktari au nesi kabla ya kuanza, haya maelezo ni ya jumla tu na sisi hatujui mwili wako ukoje. Na hatukuahidi kitambi kuisha wiki mbili, anayekuahidi hivyo ana kitu anauza 😅

Slaidi ya 3: Muda na sehemu
Asubuhi mapema au jioni jua likishashuka. Wanaokaa milimani hapa Mwanza, kule Mabatini na Igogo, wanajua mawe yakishapata moto mchana nyumba inakuwaje, sasa usiruke ruke humo saa nane. Sakafu iwe kavu, kama ni taili imetoka kudekiwa subiri ikauke. Umetoka kula ugali na sato? Kaa kama saa moja na nusu kwanza. Maji yawe karibu.

Slaidi ya 4: Pasha mwili, dakika 4
Tembea palepale ulipo, zungusha mabega mbele na nyuma, nyanyua goti moja baada ya jingine bila haraka. Kipimo chetu ni kuongea, uwe unahema kidogo ila bado unaweza kumjibu mtu sentensi nzima, ukiona maneno yanakatika katika punguza spidi.

Slaidi ya 5: Kaa, simama (mapaja na makalio)
Kiti kiegemee ukuta, na kile cha plastiki kinachocheza mguu mmoja hapana jamani. Kaa mbele kidogo ya kiti, miguu iachane upana wa mabega, unyayo wote chini. Inama kidogo mbele, toa pumzi, simama. Kurudi chini ndo kazi yenyewe ilipo, shuka polepole usijibwage, na magoti yafuate vidole vya miguu yasiingie ndani. Mikono unaweza kushikia mapajani, sio kuiba huko.
Mara 8, pumzika, rudia ukiweza.

Slaidi ya 6: Pushapu za ukutani
Simama hatua moja kutoka ukutani, viganja usawa wa kifua. Kunja viwiko kifua kisogee ukutani, kisha sukuma urudi huku unatoa pumzi. Mwili unyooke kuanzia kichwa hadi kisigino. Usibane pumzi.
Mara 8.

Slaidi ya 7: Nyanyua kiuno
Lala chali kwenye mkeka, kunja magoti, nyayo chini. Bana makalio unyanyue kiuno, hesabu mbili, shusha. Ukisikia mgongo unabana usipande juu sana. Mjamzito, hili liache mpaka uulize kliniki.
Mara 8.

Slaidi ya 8: Visigino juu
Shika ukuta, panda kwa vidole, shuka taratibu. Mara 10. Kama kila siku unapanda ngazi za mawe kwenda kwako, vigimbi vyako tayari viko kazini, slaidi hii unaweza kuiruka hatukudai.

Slaidi ya 9: PUMZIKA 🛑
Hii ndo watu wanaipita haraka, rudi usome. Kati ya zoezi na zoezi kaa dakika 1, ukihitaji 2 chukua 2. Fanya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, siku za katikati misuli inajijenga, hujawa mvivu. Tembea tu, hata ile njia ya ziwani Capri Point upate upepo. Kukakamaa siku ya pili au ya tatu ni kawaida kwa anayeanza na huwa kunaisha chenyewe. Hukulala vizuri au una homa? Leo hakuna mazoezi, na kesho hulipi deni kwa kufanya mara mbili.

Slaidi ya 10: Acha hapohapo ukisikia
Maumivu ya kifua, kizunguzungu, moyo kwenda hovyo, pumzi kukata, au maumivu makali ya ghafla kwenye goti au mgongo. Kaa chini. Kifua au pumzi isipotulia usiingoje kesho, nenda hospitali na mtu akusindikize.

Maelezo ya posti
Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Usiogope hiyo namba, kutembea kwa haraka kunahesabika, ukishuka daladala kituo kimoja kabla nako kunahesabika, na ukianza na dakika 15 ni sawa kabisa. Wiki mbili za kwanza kaa hapohapo kwenye mara 8, ukiona zimekuwa rahisi ongeza 2 sio 10. Sevu hii, mtumie mama au shangazi anayesemaga "nitaanza Jumatatu", na ukikwama zoezi gani andika kwenye komenti tutajibu jioni.